Je, wajua? Asilimia 6 ya hatari ya nchi hubeba utabiri mzito

Kwa nini mradi uleule, wenye mapato yaleyale, huonekana wa faida katika nchi tulivu na wa hasara katika nchi inayoyumba?

Siri iko kwenye kiwango cha punguzo, yaani asilimia inayotumika kuzishusha fedha za miaka ijayo ili zilinganishwe na fedha za leo. Uchumi ukiwa unayumba, wachambuzi hukiongezea nyongeza ya hatari ya nchi.

Tuchukue mradi unaohitaji dola milioni 100 leo, na unaotarajiwa kuingiza dola milioni 30 kila mwaka kwa miaka 5. Hatifungani za serikali ya Marekani, yaani hati za mkopo ambazo serikali huwauzia wawekezaji, tuseme zinalipa asilimia 4.5, na mwekezaji wa hisa anadai asilimia 5.5 zaidi kwa kubeba hatari ya kawaida ya biashara. Kiwango cha punguzo kinakuwa asilimia 10. Kwa kiwango hicho, mapato yote ya miaka 5 yana thamani ya dola milioni 113.7 leo. Mradi unalipa.

Sasa tuupeleke katika nchi ambayo hatifungani zake za dola zinalipa asilimia 8.5. Tofauti ya asilimia 4 na zile za Marekani ndiyo bei ambayo soko linadai kwa hofu kwamba serikali hiyo itashindwa kulipa deni. Lakini mwenye hisa huumia kuliko mwenye hatifungani, kwa hiyo wengi huikuza tofauti hiyo kwa kulinganisha jinsi bei za hisa na za hatifungani zinavyopanda na kushuka. Hisa zikiyumba kwa asilimia 30 na hatifungani kwa asilimia 20, hisa zinayumba mara 1.5. Nne mara moja na nusu ni 6. Kiwango cha punguzo sasa ni asilimia 16, na mapato yaleyale yanashuka hadi dola milioni 98.2. Mradi umegeuka hasara bila tarakimu hata moja ya mapato kuguswa.

Wapo wanaosema nyongeza hii haina maana, kwani mwekezaji anaweza kutawanya fedha zake katika nchi nyingi. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu kama misukosuko ingebaki ndani ya mipaka. Agosti 1998 Urusi ilishusha thamani ya sarafu yake, ruble, na kusimamisha malipo ya madeni yake ya ndani. Wawekezaji wakakimbia hata masoko ya mbali, na Januari 1999 Brazili ikalazimika kuiachia sarafu yake ielee kwa bei ya soko. Waliojiona wametawanya walikuta masoko mengi yameanguka pamoja.

Ninachotamani kila mchambuzi akikague ni maana ya asilimia 6 yenyewe. Gawanya 1.10 kwa 1.16 upate 0.948. Kihesabu, nyongeza hiyo ni sawa na kusema kwamba kila mwaka kuna uwezekano wa takriban asilimia 5.2 wa kupoteza mradi wote. Ukifika mwaka wa tano, uwezekano wa kuwa umeupoteza ni kama asilimia 23. Mradi ukiwa wa miaka 20, unafika asilimia 65. Je, kweli unaamini hivyo? Mara nyingi hatari kubwa iko karibu, kwa mfano deni kubwa linaloiva miaka miwili ijayo, na nchi ikivuka hapo inatulia. Nyongeza isiyobadilika huendelea kuadhibu mapato ya mwaka wa kumi na tano kana kwamba msukosuko haujaisha. Kwa miradi mirefu mimi hupendelea kuipunguza nyongeza hatua kwa hatua kadiri miaka inavyosonga.

Kosa baya kuliko yote ni kuihesabu hatari moja mara mbili. Mchambuzi anapunguza makadirio ya mapato kwa sababu mradi unaweza kutaifishwa, kisha anaongeza asilimia 6 kwa sababu hiyohiyo. Mwingine anaanza na riba ya hatifungani za serikali za sarafu ya ndani, akiiita riba isiyo na hatari, kisha anaweka nyongeza juu yake. Riba hiyo tayari ina mfumuko wa bei na hofu ya serikali kushindwa kulipa.

Kama mapato yako katika sarafu ya ndani, badilisha kiwango cha dola kwa tofauti ya mfumuko wa bei. Mfumuko wa ndani ukiwa asilimia 12 na wa dola asilimia 2, zidisha 1.16 kwa 1.12, kisha gawanya kwa 1.02. Unapata kiwango cha karibu asilimia 27.4. Ukikuta ripoti imetumia kiwango hicho kwa mapato yaliyokadiriwa kwa dola, au asilimia 16 kwa mapato ya sarafu ya ndani, irudishe kwa mwandishi wake kabla hujasoma ukurasa wa hitimisho.