Jenereta imeshuka thamani: yanayosemwa ofisini na yanayopaswa kuandikwa

Mwisho wa mwaka wa hesabu, mtu akifungua daftari la mali na kukuta mashine imeandikwa thamani kubwa kuliko inavyoonekana kustahili, kila aliye mezani huwa na jibu lake. Mmoja anasema iachwe, uchakavu utaimaliza wenyewe. Mwingine anataka ishushwe hadi bei ya soko leo hii. Nimekaa kwenye meza hizo miaka mingi, na naumia nikiona hasara ya mamilioni inaandikwa pasipostahili, au inafichwa palipostahili, kwa sababu tu ya maneno yaliyozoeleka.

Kanuni yenyewe iko kwenye kiwango cha kimataifa cha uhasibu, IAS 36, na kiini chake ni kifupi: mali isibaki vitabuni kwa thamani inayozidi kile ambacho biashara inaweza kukirejesha kutoka kwake, iwe kwa kuitumia au kwa kuiuza. Ugumu uko kwenye kukipata hicho kiasi kinachoweza kurejeshwa.

Nichukue kazi moja niliyoishika, tarakimu nimezifanya kamili ili zifuatike. Kampuni ilinunua jenereta kubwa ya kukodisha kwa milioni 120. Iliipangia maisha ya miaka 10, uchakavu wa kiasi sawa kila mwaka, bila thamani ya masalio. Baada ya miaka 4 limbikizo la uchakavu lilikuwa milioni 48, na thamani ya kitabuni milioni 72. Jenereta ni mfano mzuri kwa sababu ikikodishwa inaleta fedha zake yenyewe. Mashine iliyo katikati ya mstari wa uzalishaji haileti fedha peke yake, na hiyo hupimwa pamoja na kundi la mali zinazofanya kazi nayo.

Dhana: "Uchakavu tunakata kila mwaka, hiyo inatosha."

Uchakavu unagawa gharama ya mali kwenye miaka ya matumizi yake. Hauulizi kama mali bado inaweza kurudisha fedha hizo. Jenereta hii ilikatwa uchakavu bila kukosa hata mwezi mmoja, lakini wateja wawili wakubwa walikuwa wamepata umeme wa gridi na kuvunja mikataba. Siku za kukodishwa zilitoka 24 kwa mwezi hadi 15, na wateja waliobaki walikuwa wameomba kupunguziwa bei wakapunguziwa. Hakuna hata moja kati ya hayo linaloonekana kwenye jedwali la uchakavu.

Wapo pia wanaokwenda upande wa pili na kudai kila mashine lazima ipigiwe hesabu kamili kila mwaka. Kwa vifaa vya kawaida, si hivyo. Kinachotakiwa kila mwisho wa kipindi ni kuangalia kama kuna dalili: soko limebadilika, teknolojia mpya imeingia, riba zimepanda, kifaa kimeharibika au kimekaa bila kazi, au mapato yake yako chini ya bajeti. Ikiwepo dalili, ndipo hesabu inapigwa. Kwenye jenereta hii dalili zilikuwa tatu, zote wazi kwenye kitabu cha ukodishaji.

Dhana: "Bei ya soko ndiyo inayoamua."

Hili ndilo kosa ninalolikuta mara nyingi kuliko yote. Dalali aliikadiria jenereta milioni 50. Kuing'oa, kuisafirisha na kumlipa dalali kungekula milioni 4, kwa hiyo mkononi ingebaki milioni 46. Mhasibu akatoa 46 kwenye 72, akapata 26, na hasara ya milioni 26 ikawa tayari kwenye rasimu ya hesabu.

Lakini kiasi kinachoweza kurejeshwa si bei ya soko. Ni kilicho kikubwa kati ya viwili: bei ya haki ukitoa gharama za kuuza, na thamani ya matumizi, yaani fedha ambazo mali itazalisha ikiendelea kutumika, zikiwa zimeletwa kwenye thamani ya leo. Sababu yake ni ya kibiashara tu. Mwenye mali akiona kuitumia kunamlipa zaidi ya kuiuza, ataitumia. Akiona kuuza kunalipa zaidi, atauza. Kipimo kinafuata njia iliyo bora, si iliyo mbaya.

Hili linaokoa muda pia. Kimoja kati ya viwili kikizidi thamani ya kitabuni, kazi imeisha, hakuna haja ya kutafuta cha pili. Kwetu cha kwanza kilikuwa 46, chini ya 72, kwa hiyo tulilazimika kukipata cha pili.

Dhana: "Fedha zitakazoingia ni milioni 76, zinazidi 72, basi hakuna hasara."

Meneja wa ukodishaji alileta makadirio ya miaka 6 iliyobaki, baada ya kutoa mafuta, fundi na matengenezo ya kawaida: milioni 16, 15, 14, 12, 10 na 9. Ukijumlisha unapata 76. Alitabasamu, nami namwelewa, kwa sababu kwa jicho la kawaida jenereta inarudisha fedha zote na zaidi.

Shida ni kwamba milioni 9 za mwaka wa sita si sawa na milioni 9 za leo. Lazima kila mwaka upunguzwe kwa kiwango kinachobeba thamani ya muda na hatari ya mali hiyo. Tulitumia asilimia 12. Milioni 16 za mwaka wa kwanza unazigawa kwa 1.12, unapata 14.29. Milioni 15 za mwaka wa pili unazigawa kwa 1.12 mara 1.12, unapata 11.96. Ukiendelea hivyo, miaka inayofuata inatoa 9.96, 7.63, 5.67 na 4.56. Jumla ni 54.07, tukaichukua kama 54. Hiyo ndiyo thamani ya matumizi.

Kati ya 46 na 54, kikubwa ni 54. Hasara ni 72 kutoa 54, yaani milioni 18. Si 26, na wala si sifuri.

Mawazo ya meneja hayakutoka hewani. Kanuni za Marekani, kwa mali inayoendelea kutumika, zinaanza kwa kulinganisha thamani ya kitabuni na fedha zisizopunguzwa, na kwa kipimo hicho 76 dhidi ya 72 ingepita bila hasara. Jenereta ni ileile na makadirio ni yaleyale, ila majibu ni mawili. Kwa hiyo swali la kwanza kabla ya kushika kikokotoo ni kampuni inafuata kanuni zipi.

Kabla ya kufika kwenye zile 76, makadirio hayo yalikuwa na uchafu ambao tuliuondoa kwanza, na ndiko mkaguzi anakoangalia haraka. Riba ya mkopo ulionunua jenereta ilikuwa imetolewa. Haitakiwi, kwa sababu gharama ya fedha tayari imo kwenye ile asilimia 12. Kodi ya mapato nayo haiingii, ilimradi kiwango cha punguzo nacho ni cha kabla ya kodi. Na mwaka wa tatu ulikuwa umeongezewa mapato ya injini kubadilishwa itumie gesi, kazi ambayo bado ilikuwa wazo. Mali hupimwa ilivyo sasa. Matengenezo ya kuifanya iendelee kufanya kazi yanahesabiwa, maboresho ya kuipandisha hadhi hayahesabiwi.

Dhana: "Punguza bei ya kununulia kwenye daftari, imekwisha."

Ukipunguza milioni 120 ziwe 102, umefuta historia. Gharama ya kununulia inabaki palepale, na hasara inakaa kwenye akaunti yake ya limbikizo, ili msomaji wa hesabu aone mali ilinunuliwaje na imepoteza nini. Ingizo ni hili:

Debiti: Hasara ya kushuka kwa thamani (faida na hasara), 18,000,000
Krediti: Limbikizo la hasara ya kushuka kwa thamani, jenereta, 18,000,000

Benki haiguswi. Hakuna fedha iliyotoka, kwa hiyo kwenye taarifa ya mtiririko wa fedha, ikiandaliwa kwa njia ya kuanzia kwenye faida, zile milioni 18 zinarudishwa juu.

Jenereta ingekuwa imewahi kuthaminishwa upya na ina akiba ya uthamini ya milioni 10, hasara ingeila akiba hiyo kwanza, na milioni 8 zilizobaki ndizo zingekwenda kwenye faida na hasara. Yetu ilikuwa kwa gharama, kwa hiyo zote 18 zilikwenda huko.

Kisha linakuja jambo linalosahauliwa kuliko ingizo lenyewe: uchakavu wa miaka ijayo. Milioni 54 zinagawanywa kwa miaka 6 iliyobaki, yaani milioni 9 kwa mwaka badala ya 12. Mwaka uliofuata nilirudi pale nikakuta thamani ya kitabuni ni 42, wakati ilipaswa kuwa 45. Programu ya daftari la mali ilikuwa bado inagawa 120 kwa 10, kwa sababu ingizo lilipigwa kwenye leja kuu tu. Ingeachwa hivyo, jenereta ingefika sifuri baada ya miaka minne na nusu huku bado ina mwaka mmoja na nusu wa kazi. Tofauti ya namna hii inakamatwa kwa kulinganisha daftari la mali na leja, kifaa kwa kifaa, si jumla kwa jumla.

Dhana: "Ikishashushwa haipandi tena," au "biashara ikirudi, irudishe yote."

Kwa IAS 36 hasara ya kifaa inaweza kurejeshwa, ila kuna masharti mawili. La kwanza, makadirio yenyewe yawe yamebadilika: wateja wamerudi, bei imepanda, kuna mkataba mpya. Kupita kwa muda peke yake hakutoshi, hata kama thamani ya matumizi imeongezeka kwa sababu tu fedha zilizokuwa mbali sasa zimekaribia. La pili ni dari. Mali haiwezi kupanda juu ya thamani ambayo ingekuwa nayo kama hasara isingeandikwa kamwe.

Chukulia miaka 2 imepita, uchakavu umekatwa sawasawa, thamani ya kitabuni ni 36. Mkataba mpya mkubwa unapatikana na kiasi kinachoweza kurejeshwa kinafika 55. Wengi wangeandika 19. Lakini bila hasara jenereta ingekuwa na 72 kutoa miaka miwili ya 12, yaani 48. Hapo ndipo dari lilipo, na kinachorudi ni 12:

Debiti: Limbikizo la hasara ya kushuka kwa thamani, jenereta, 12,000,000
Krediti: Urejeshaji wa hasara ya kushuka kwa thamani (faida na hasara), 12,000,000

Uchakavu nao unapigwa upya, 48 kwa miaka 4, na unarudi kuwa milioni 12 kwa mwaka. Kwa kampuni inayofuata kanuni za Marekani, ingizo hili la mwisho halipo kabisa, kwa sababu kule hasara ya mali inayoendelea kutumika ikishaandikwa hairudishwi.