Jedwali la kusahihishia insha: wanachodhani watu na ukweli wenyewe

Dhana: ukishaweka vigezo na alama kwenye jedwali, basi usahihishaji umekuwa wa haki.

Ukweli: jedwali linaweza kuonea mtu vizuri tu, tena kwa hesabu safi kabisa. Chukua rubriki ya kawaida, vigezo vitano yaani hoja, ushahidi, mpangilio, lugha na tahajia, kila kimoja alama 4, jumla 20. Mwanafunzi wa kwanza kaandika insha safi ila haina kitu ndani: hoja 2, ushahidi 2, mpangilio 4, lugha 4, tahajia 4, anapata 16, asilimia 80. Wa pili anafikiri kweli kweli ila kalamu yake inateleza: hoja 4, ushahidi 4, mpangilio 3, lugha 2, tahajia 2, anapata 15, asilimia 75. Mtupu kampita mwenye hoja! Na hakuna aliyekosea kusahihisha, tatizo ni kwamba lugha na tahajia zikiwa safu mbili tofauti zinabeba asilimia 40 ya alama zote, na hapo unaweza kukuta kosa moja la herufi linakatwa huku na huku.

Sasa weka uzito. Hoja mara 3, ushahidi mara 3, mpangilio mara 2, lugha na tahajia mara 1 kila moja, jumla inakuwa 40. Yule wa kwanza anashuka hadi 28, asilimia 70, wa pili anapanda hadi 34, asilimia 85. Insha ni zile zile. Ila kama somo lenyewe ni la tahajia, uzito ugeuze, mi sina shida.

Dhana: kiwango cha 2 kati ya 4 maana yake yuko wastani.

Kwa maneno sawa, kwa alama hapana, kwani 2 kwa 4 ni asilimia 50, na sehemu nyingine hiyo ni kufeli. Umemwandikia "anaridhisha" halafu matokeo yanasema kaanguka, atakuelewaje? Alama si lazima ziwe namba ya kiwango chenyewe, kuanzia kiwango cha 4 kushuka hadi cha 1 unaweza kutoa 10, 8, 6, 4, na sifuri ibaki ya asiyeandika kitu.

Dhana: "vizuri sana", "vizuri", "wastani" zinatosha kama maelezo.

Hazitoshi, hizo ni alama tu zilizovaa maneno. Andika kinachoonekana kwenye karatasi. Kwa hoja, kiwango cha 4: msimamo uko wazi aya ya kwanza na kila aya inautetea. Cha 3: msimamo upo ila aya moja imetoka nje. Cha 2: mada imetajwa, msimamo mpaka uukisie. Kisha wape walimu wawili insha zile zile chache wasahihishe bila kuonana, na pale wanapopishana mara kwa mara kwenye kigezo kimoja, rudi ukayaandike upya maelezo ya kigezo hicho kabla hujamlaumu mwalimu.