Miadi ya afya ya akili kwa simu: dhana potofu na ukweli

Dhana potofu: Mgonjwa tunamjua na anwani yake imo kwenye faili, hakuna haja ya kumuuliza yuko wapi.

Faili linasema anapoishi, halisemi alipo leo. Tuseme kijana wa Makorora, hapa Tanga mjini, ana miadi ya video saa nne asubuhi na daktari wa magonjwa ya akili. Kumbe jana alipanda Amani kwa shangazi yake. Akizidiwa, gari likitumwa Makorora litakuta mlango umefungwa, wakati msaada ungetoka Muheza. Ndiyo maana kabla ya "unaendeleaje" anaulizwa: uko kijiji gani, kitongoji gani, karibu na nini, uko na nani, na laini ikikatika nimpigie nani? Majibu yaandikwe papo hapo.

Jina naye asitajiwe. Ukisema "wewe ndiye fulani, sivyo?", yeyote aliyeshika simu ataitikia. Ataje mwenyewe majina yake matatu na tarehe ya kuzaliwa, nawe ulinganishe na faili.

Dhana potofu: Ukiuliza kuhusu kujiua unamtia wazo.

Sivyo. Kumuuliza waziwazi hakumpandikizii wazo, na wengi hupata ahueni kuulizwa. Kwa simu ndiyo muhimu zaidi, kwa sababu ishara za mwili huzioni vizuri.

Dhana potofu: Mtandao ukikatika, miadi imekwisha. Atapiga mwenyewe.

Inategemea alikuwa anasema nini. Kijana wetu amesema amechoka kuishi, picha ikaganda, kisha kimya. Milimani mvua ikinyesha, hilo halishangazi. Anayepiga tena ni daktari, na hilo wamekubaliana mwanzoni, maana wakipigiana kwa pamoja kila mmoja atakuta simu ya mwenzake inatumika. Asing'ang'anie video, apige simu ya kawaida isiyotumia intaneti. Asipopokewa, atume ujumbe usio na neno la ugonjwa: "Tafadhali pokea, napiga tena." Muda wa kusubiri uwe umepangwa na kituo, mathalani dakika tano. Ukipita anapigiwa shangazi, na asipopatikana, kituo cha afya cha jirani na hospitali ya Muheza. Kama mazungumzo yalikuwa ya kawaida tu, kupanga siku nyingine kunatosha.

Dhana potofu: Nikifunga mlango wa ofisi yangu, siri imetunzwa.

Je, upande wa pili? Kijana anayejibu "ndiyo, ndiyo" kwa sauti ya chini huenda ana watu watano sebuleni. Muulize kama yuko peke yake. Kama sivyo, avae spika za masikioni na wewe uulize maswali ya kujibiwa ndiyo au hapana, au asogee nje asikosikiwa.

Siri ina mpaka pale uhai unapokuwa hatarini, lakini mpaka huo si ruhusa ya kusimulia faili zima. Shangazi aambiwe tu kinachohitajika: akae naye, asimwache peke yake, aondoe dawa na sumu za shambani, gari linakuja. Mambo ya ndoa ya kijana au ya kazini kwake hayamhusu shangazi. Kisha daktari aandike saa laini ilipokatika, aliowapigia, na alichowaambia kila mmoja.