Msimamizi hodari, meneja wa kesho? Dhana potofu kuhusu maoni ya pande zote

Dhana: Msimamizi akipata wastani mzuri kwenye maoni ya bosi, wenzake na walio chini yake, yuko tayari kuwa meneja.

Ukweli: Wastani ndio unaoficha jibu. Tuseme kiwanda cha kufungasha chai kinataka kumpandisha msimamizi wa zamu awe meneja wa uzalishaji. Dodoso la alama 1 hadi 5 limejazwa na bosi wake, wasimamizi wenzake wanne na watu sita wa zamu yake. Kwenye kipengele cha kuwaachia wengine kazi na maamuzi, bosi amempa 5, wenzake wastani wa 4, watu wa zamu 2.3. Jumlisha makundi matatu ugawe, unapata karibu 3.8, na afisa utumishi anaandika "vizuri".

Kumbe habari yote iko kwenye ile 2.3. Bosi anaona malengo yametimia. Haoni kwamba mashine ikikwama, fundi haigusi mpaka msimamizi huyo atoke mkutanoni. Kwenye zamu moja tabia hiyo inavumilika, na pengine ndiyo iliyomletea sifa. Meneja ana zamu tatu, anaongoza kupitia wasimamizi wake, na usiku yuko nyumbani amelala. Kwa hiyo soma kila kundi peke yake, na kwa kila kipengele jiulize nani hasa anakiona kwa macho yake.

Dhana: Anayeimudu kazi ya sasa ataimudu inayofuata.

Ukweli: Dodoso likiuliza usimamizi wa zamu, litakujibu usimamizi wa zamu. Uliza mambo ya umeneja: Amemwandaa mtu wa kushika zamu yeye asipokuwepo? Yeye na watu wa ghala wakivutana, wanayamaliza bila kumwita bosi? Na weka kisanduku cha "sijaona", maana bila hicho watu hukisia. "Sijaona" zikijaa kwenye kipengele cha bajeti, usizihesabu kama alama mbaya. Mkaimishe umeneja wakati meneja aliyepo anapokwenda likizo, umpe bajeti halisi aisimamie, kisha uwaulize tena watu walewale.

Dhana: Majina yakifichwa, watu watasema ukweli.

Ukweli: Kundi la watu wawili halifichiki, ndiyo maana ripoti nyingi hazionyeshi alama za kundi lenye watu chini ya watatu, isipokuwa bosi. Lakini hata likifichika, watu wakijua cheo kinategemea majibu yao, alama hupanda, na mwenzake anayekitaka cheo hichohicho ana sababu ya kuzishusha. Kibaya zaidi (na hutokea) ni kuwaambia maoni ni ya kumsaidia ajifunze, halafu kuyatumia kuamulia cheo. Safari ijayo utaletewa 5 tupu. Tangaza matumizi mapema, na kila anayetoa 1, 2 au 5 aeleze tukio moja alilolishuhudia. Penye 5 nyingi na nafasi ya maelezo ikiwa wazi, usiziegemee alama hizo.