Chunjua ya wayo: kwa nini inauma, na ni dawa gani inaiondoa

Daktari, nauza samaki Kibuye hapa Kisumu, nasimama asubuhi hadi jioni. Chini ya mguu wa kulia, nyuma tu ya vidole, nina kitu kigumu chenye vidoadoa vyeusi. Kina miezi mitano sasa. Jirani anasema ni funza, mwenye kemisti anasema ni sugu. Nimechokonoa kwa pini hakikutoka kitu ila damu. Ni nini hiki?

Kwa maelezo yako, mama, nashuku ni chunjua ya wayo. Huku kwetu magharibi mtu akiona doa jeusi mguuni wazo la kwanza ni funza, na si ajabu, maana wapo. Lakini funza huwasha sana, hupenda pembeni mwa kucha na kwenye kisigino, na huwa na doa jeusi moja tu katikati ya uvimbe mweupe. Tena hafiki miezi mitano: akishaingia huishi wiki chache, akafa humo humo ngozini. Kwa hiyo funza tumuweke kando.

Kati ya sugu na chunjua, jipime hivi leo jioni. Loweka mguu kwenye maji ya vuguvugu, ukae penye mwanga, uangalie ile mistari midogo ya ngozi ya wayo. Kwenye sugu mistari hupita juu yake moja kwa moja. Kwenye chunjua hukatika ukingoni na kuizunguka. Halafu ibane kwa vidole viwili kutoka pande zote mbili, usiikandamize kutoka juu. Sugu huuma zaidi ukiikandamiza, chunjua huuma zaidi ukiibana kwa pembeni. Ukikwangua kidogo ile ngozi iliyokufa, chini ya sugu utakuta ngozi safi inayong'aa, na chini ya chunjua utakuta vidoadoa vyako vyeusi. Hivyo ni vijishipa vya damu vilivyoganda. Ndiyo maana pini yako ilitoa damu na haikutoa mayai ya funza.

Mbona hiki kinaniuma hivi, na mwanangu ana chunjua kidoleni wala haimsumbui?

Zote mbili husababishwa na jamii moja ya virusi, virusi vya papiloma. Kinachotofautiana ni mahali vilipokaa. Chunjua ya mkononi ina nafasi ya kukua kwenda nje, ikainuka. Ya wayoni haina nafasi hiyo, kwa sababu kila hatua uzito wako wote unaishindilia ndani. Ngozi ya wayo nayo, ikisuguliwa hivyo kila siku, hujikinga kwa kuota tabaka gumu juu yake. Basi unatembea juu ya kitu kigumu kinachobonyeza mishipa ya fahamu iliyo chini yake, kama aliye na kokoto kiatuni asiyeweza kuitoa. Mahali ulipoitaja, nyuma ya vidole, ndipo mtu anapojisukumia anapopiga hatua, kwa hiyo maumivu yako si ya kudeka.

Jambo moja ulishike hapa, kwa sababu matibabu yote yanalitegemea: virusi hivi vinaishi kwenye tabaka la juu la ngozi tu. Haviingii nyamani, na chunjua haina mizizi, hata kama watu wanasema ina mizizi mirefu. Na sehemu kubwa ya maumivu inatokana na lile tabaka gumu. Ukilipunguza, utapata nafuu ndani ya siku chache, hata kabla chunjua yenyewe haijaondoka.

Kuna mtu hapa sokoni anazing'oa kwa wembe, halafu anatia maji ya betri. Niende?

Usiende. Maji ya betri ni asidi kali inayounguza hadi nyamani, na kovu likishakaa mahali pa kukanyagia huuma miaka mingi. Chunjua yenyewe hurudi, mara nyingi ukingoni mwa kidonda. Nao wembe uliopita kwenye damu ya wengine unaweza kukupa virusi vya Ukimwi au vya homa ya ini.

Basi ni dawa gani, na naitumiaje?

Dawa ya kuanzia ni asidi ya salisili. Kwenye kemisti uliza dawa ya maji ya kupaka chunjua yenye asilimia 17 hivi, au plasta yenye asilimia 40. Soma nguvu yake kwenye kasha kabla ya kulipa. Mara nyingi mtu huuziwa marhamu ya Whitfield, ile ya choa. Kweli ina asidi ya salisili, lakini asilimia 3 tu. Kwa choa inatosha, kwa ngozi nene ya wayo ni kama hujapaka kitu. Dawa za kuua bakteria, za kumeza au za kupaka, hazigusi virusi, kwa hiyo hifadhi pesa yako.

Tuseme umepata ile ya maji, na unafunga meza saa moja jioni. Ukifika nyumbani, loweka mguu kwenye maji ya vuguvugu dakika tano hadi kumi. Sugua juu ya chunjua kwa kipande cha msasa au tupa ya kucha ya bei rahisi, hadi ule ugumu mweupe upungue. Ukiona unauma au unataka kutoka damu, acha hapo. Kausha vizuri. Zungushia vaselini kwenye ngozi nzima iliyo karibu, maana asidi haichagui. Tia tone moja la dawa juu ya chunjua peke yake, likauke, kisha ufunike kwa plasta. Kesho jioni unarudia.

Msasa huo usiutumie kwenye kisigino wala usimpe mtu mwingine. Utumie kwenye chunjua tu, kisha uutupe. Halafu hii dawa ya maji hushika moto upesi, kwa hiyo ipake mbali na jiko na koroboi. Najua jioni jikoni ndipo penye mwanga na kigoda cha kukalia, lakini kaa kwingine.

Baada ya siku chache eneo litageuka jeupe na laini. Hiyo ni dawa inafanya kazi. Likiwa jekundu na kuuma hata ukikaa, pumzika siku mbili tatu, ngozi itulie, kisha uendelee. Wengi wanakosea hapa: ngozi ikichubuka kidogo wanaacha kabisa, na mwezi ukipita chunjua imejaa tena. Hesabu wiki 12 za kupaka kila siku. Mchana ukiwa sokoni, kata kipande cha sponji nene, toboa katikati tundu la ukubwa wa chunjua, ukibandike mguuni ili uzito uangukie pembeni. Kanyagia kiatu chenye soli nene, usisimame na patipati nyembamba siku nzima.

Na utajuaje imekwisha? Usihesabu kwamba maumivu yameisha, maana yatatangulia. Angalia ile mistari ya ngozi: ikipita tena moja kwa moja bila kukatika, na vidoadoa vyeusi visionekane, imeondoka. Ukiacha wakati doa moja bado lipo, utaanza upya.

Nasikia hospitali wanaigandisha kwa baridi kali. Si inaisha mara moja?

Hapana, na kwenye wayo hata si bora kuliko asidi. Mwaka 2011 ulichapishwa utafiti wa Uingereza uliohusisha watu 240 wenye chunjua za wayo. Wengine waligandishwa kwa naitrojeni ya maji, wengine walijipakia asidi ya salisili ya asilimia 50 nyumbani kila siku. Baada ya wiki 12, waliopona kabisa walikuwa asilimia 14 kila upande. Sawasawa.

Takwimu hiyo ni ndogo, sikufichi. Inaonyesha ngozi ya wayo ilivyo nene na chunjua ya mtu mzima ilivyo ngumu kuondoka. Wengine hupona baada ya hizo wiki 12, na wengine huhitaji njia zaidi ya moja. Ila kwako inasaidia kuamua: kugandisha kunauma, kunaweza kuota lengelenge la kukulaza nyumbani, na kunarudiwa kila wiki mbili au tatu. Nauli, foleni na siku za meza kufungwa, ujumlishe mwenyewe. Mimi ningeanza na asidi, na kugandisha kuje ikiwa asidi iliyotumiwa ipasavyo imeshindwa.

Na nikiiacha tu?

Kwa mtoto, ndiyo, kama haimuumi. Kwa watoto kama nusu hivi huondoka zenyewe ndani ya mwaka, kinga ya mwili ikishavitambua virusi. Huyo wako mwenye ya kidoleni mwache. Kwa mtu mzima huchukua muda mrefu zaidi, na wewe tayari unachechemea.

Nimesoma papiloma ndiyo inaleta saratani ya mlango wa kizazi. Nimeogopa.

Papiloma ni ukoo mkubwa wenye aina zaidi ya 100. Zinazoota wayoni, kama aina ya 1, 2 na 4, si zile za mlango wa kizazi. Chanjo ambayo Kenya ilianza kuwapa wasichana wa miaka 10 mnamo Oktoba 2019 inalenga zile nyingine, kwa hiyo binti apelekwe, lakini haitamkinga na chunjua ya mguu. Hizi za wayo huambukizwa kupitia michubuko midogo kwenye sakafu yenye maji. Bafu la ploti mnalotumia pamoja, ingia na patipati. Kila mtu awe na taulo lake.

Mume wangu ana kisukari, naye ana kitu kama hiki kisiginoni. Nimpakie dawa hii hii?

Usimpakie. Kisukari hupunguza hisia na mzunguko wa damu miguuni. Asidi inaweza kumuunguza asisikie, na kidonda kidogo kikakataa kupona. Aende kliniki yake ya kisukari, aonyeshe mguu, wamkwangue wao.

Wewe nawe uende ukiona mguu umevimba, una joto au unatoa usaha, au wiki 12 zimepita bila mabadiliko. Chunjua nyingi zikichipuka kwa mkupuo, pima virusi vya Ukimwi, kwani kinga ikishuka huwa zinashamiri. Na kama kile cheusi si vidoadoa bali ni baka moja linalotanuka, lenye kingo zisizo sawa, au kidonda kinachotoka damu bila kuguswa, usikisugue wala usikipake asidi. Kwa watu wenye ngozi nyeusi, saratani ya ngozi iitwayo melanoma hupenda zaidi nyayo na chini ya kucha, na huko nyuma imewahi kutibiwa kama chunjua kwa miezi mingi. Baka la namna hiyo likatwe kipande na kupimwa maabara.