Kapu la Noeli kwa mtoto asiyeweza kula karanga: maswali na majibu

Mtoto wa dada yangu huko Bukavu ana miaka 6, na akila karanga midomo inavimba. Nataka kumpelekea kapu la Noeli kutoka Goma. Niweke nini?

Anza na matunda mazima yenye maganda yake: maembe, marakuja, ndizi, nanasi. Tunda ambalo halijamenywa halijapitiwa na kisu kilichokata kitu kingine, na mtoto akioshewa kwao anakula bila wasiwasi. Ongeza jibini zima la Masisi, lile la mviringo ambalo muuzaji hajalikata bado, pamoja na chupa ya asali ambayo kifuniko chake hakijafunguliwa.

Kabla ya kununua chochote, mpigie dada yako simu umuulize kama mtoto anadhuriwa na karanga peke yake, au pia na korosho, lozi, ufuta, maziwa au mayai. Karanga ni ya jamii ya maharagwe, ilhali korosho na lozi hutoka kwenye miti. Hata hivyo wapo watoto wanaodhurika na vyote viwili, na viwanda vingi huvipitisha katika mashine zilezile.

Kuna kosa moja ambalo nimeliona mara nyingi kuliko mengine. Mtu mwenye nia njema anaandaa kapu la mtoto kwa uangalifu, halafu pembeni anatia kifuko cha karanga za kukaanga «kwa ajili ya watu wazima». Kifuko kinatoboka njiani, na maganda yale mekundu membamba yanaenea juu ya kila kitu. Kapu lenyewe nalo liangaliwe: kama lilibeba karanga kutoka sokoni, tumia katoni mpya.

Nimepata chokoleti ya maziwa yenye maandishi ya Kifaransa. Mbele hakuna picha ya karanga. Je, inatosha?

Haitoshi, kwa sababu upande wa mbele wa paketi ni wa kuuzia. Geuza paketi, utafute orodha ya viungo, uisome yote hadi nukta ya mwisho. Katika Kifaransa karanga huandikwa «arachide» au «cacahuète». Kwenye bidhaa za Kiingereza zinazotufikia kutoka Uganda na Kenya huandikwa «peanut» au «groundnut». Bidhaa zilizotengenezwa kwa ajili ya soko la Umoja wa Ulaya hulazimika kuonyesha karanga ndani ya orodha hiyo kwa maandishi yanayojitokeza, mara nyingi meusi mazito, nayo hurahisisha kazi. Bidhaa za kwingine zinaweza kufuata sheria tofauti.

Tuseme orodha inataja sukari, siagi ya kakao, unga wa maziwa na lesitini ya soya. Karanga haimo. Lakini chini yake kuna mstari mdogo unaoanza na «peut contenir», yaani «inaweza kuwa na», na baada yake limeandikwa neno «arachides». Maana yake ni kwamba kiwanda hakikutia karanga kwa makusudi, ila mashine au chumba kimoja hutumika pia kwa bidhaa zenye karanga. Kwa zawadi ya mtoto ambaye humlei wewe, paketi hiyo irudishe rafuni. Wazazi wengine, baada ya kuzungumza na daktari, huamua vingine, lakini uamuzi huo ni wao.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba onyo hilo, katika nchi nyingi, kiwanda hakilazimishwi kuliandika. Kwa hiyo paketi isiyo na onyo si ushahidi kwamba hatari haipo. Chagua pipi za kawaida za sukari na ladha ya matunda, zilizofungwa na zenye orodha fupi, badala ya chokoleti zenye kitu ndani. Soma upya kila unaponunua, hata kama jina na rangi ni vilevile, kwa sababu paketi ndogo na kubwa za jina moja zinaweza kutoka viwanda tofauti. Na zile pipi zinazouzwa mojamoja kutoka kwenye chupa kubwa dukani, ziache: orodha yake ilibaki kwenye katoni.

Na vitu vya sokoni visivyo na paketi, kama unga wa uji na sambaza?

Unga wa uji wa mahindi, soya na mtama ndio unaonitia wasiwasi zaidi. Mashine ya kusaga inayosaga mahindi asubuhi inaweza kusaga karanga mchana, na mabaki hubaki ndani hata kama mwenye mashine amefagia. Wengine pia huchanganya karanga kidogo ili uji uwe mtamu, bila kudhani kwamba wanapaswa kumwambia mnunuzi. Unga huo usiutie kapuni.

Sambaza zilizokaushwa zinaweza kufaa, mradi muuzaji hatumii kopo moja kupimia sambaza na karanga. Zilizokaangwa tayari ziache, kwa kuwa huwezi kujua mafuta yale yalikaanga nini kabla. Wala usidanganyike na wanaosema karanga za kuchemsha hazina shida: kuchemsha hakuondoi protini inayoamsha mzio, na kukaanga huweza kuifanya kali zaidi.

Bibi yake anaishi nao, na kanisa lake linakataza nguruwe. Pipi laini za kutafuna zinamfaa?

Tafuta neno «gélatine» katika orodha. Jelatini hutengenezwa kwa ngozi na mifupa ya wanyama, mara nyingi nguruwe, na ikiandikwa bila kutaja mnyama huwezi kujua. Pipi laini zilizogandishwa kwa pektini, inayotoka kwenye matunda, hazina tatizo hilo. Jibu hili linawafaa Waadventista, Wakimbangu na Waislamu pia.

Dada anasema jirani alimshauri ampe karanga kidogo kidogo ili azoee. Na akila kwa bahati mbaya, tufanye nini?

Ushauri wa jirani usifuatwe. Matibabu ya namna hiyo yapo, lakini hufanywa na wataalamu, kwa vipimo vidogo sana vilivyopimwa, mahali ambapo dawa ya dharura iko tayari.

Dalili kwa kawaida huanza ndani ya dakika chache hadi saa mbili. Vipele vinavyowasha na uvimbe wa midomo vinahitaji kuangaliwa kwa karibu. Akianza kukohoa mfululizo, kupumua kwa sauti ya filimbi, sauti kubadilika, kutapika mara kwa mara au kulegea, mpelekeni hospitali mara moja. Mlazeni chali na kuinua miguu yake. Akishindwa kupumua vizuri, akae badala ya kulala, lakini asisimamishwe wala kutembezwa. Dawa ya mzio ya vidonge au ya maji hupunguza muwasho tu, haifungui njia ya hewa. Dawa inayookoa ni adrenalini, ambayo muuguzi huichoma kwenye msuli wa upande wa nje wa paja: kwa mtoto wa kilo 20 ni miligramu 0.2, na huweza kurudiwa baada ya dakika 5 kama hajapata nafuu.

Hata akipata nafuu, abaki hospitali kwa saa kadhaa, kwa sababu dalili huweza kurudi. Na paketi ya kile alichokula muende nayo, hata kama imechanika, ili daktari asome mwenyewe kilichoandikwa nyuma yake.