Gawio la hisa: jinsi ya kuandika tangazo ambalo mwanachama ataweza kulipigia hesabu

Gawio ni sehemu ya ziada ya mwaka ambayo chama cha akiba na mikopo huwagawia wanachama kulingana na hisa zao. Hutolewa baada ya gharama kulipwa na fungu la akiba ya lazima kutengwa. Riba ya akiba ni kitu kingine: hiyo chama humlipa mwanachama kwa fedha anazoweka kila mwezi. Viwango vya gawio na vya riba aghalabu hutofautiana, na namna ya kuvikokotoa nayo hutofautiana. Matangazo mengi huvichanganya, na hapo ndipo manung'uniko huanzia.

Chukua tangazo kama hili: "Bodi inayo furaha kuwatangazia wanachama kuwa chama kimetoa gawio la asilimia 12 na riba ya asilimia 8. Malipo yatafanyika hivi karibuni taratibu zitakapokamilika."

Mwanachama anafungua kitabu chake. Ana hisa za shilingi 40,000 na akiba ya 180,000, jumla 220,000. Kwa kuwa jicho limenasa ile 12, anaizidisha kwa fedha zote na kupata 26,400. Siku ya malipo anakuta 14,820. Ataamini ameibiwa, na ukimsikiliza vizuri utaona tangazo halikumpa njia ya kufikiri vinginevyo.

Hesabu yenyewe ni fupi. Asilimia 12 inahusu hisa peke yake: 40,000 × 12% = 4,800. Akiba inakwenda kwa miezi. Kati ya ile 180,000, shilingi 120,000 zilikuwapo mwaka mzima, kwa hiyo zinapata 8% kamili, yaani 9,600. Zilizobaki 60,000 aliziweka Septemba, na katika chama hiki fedha huanza kuhesabiwa mwezi unaofuata, kwa hiyo zimefanya kazi miezi 3 tu: 60,000 × 8% × 3 ÷ 12 = 1,200. Jumla ni 15,600. Ikikatwa kodi ya zuio, tuseme 5%, ambayo ni 780, anabaki na 14,820.

Kanuni ya miezi ndiyo inayosahaulika zaidi. Waliozoea kazi ya uhasibu wanaiona ya kawaida mno hata hawaiandiki, ilhali ndiyo inayoeleza kwa nini majirani wawili wenye salio sawa mwisho wa mwaka wanapokea kiasi tofauti. Kuna vyama vinavyohesabu hata hisa kwa miezi. Ikiwa ndivyo kwenu, tangazo liseme.

Tarehe nayo ina mtego wake. Kuna siku ya kufunga hesabu, siku ya mkutano mkuu kuidhinisha viwango, na siku ya fedha kutoka. Mwanachama anataka hiyo ya mwisho, lakini mara nyingi hupewa ile ya mkutano, kisha anakwenda kuulizia malipo kesho yake. Kama mkutano haujafanyika, andika "inapendekezwa", kwa maana wanachama wanaweza kukipunguza kiwango, na tangazo lililosema "imetolewa" litakuwa limewaahidi kisichokuwapo.

Mimi ningeliandika hivi:

"Mkutano mkuu wa Jumamosi, 22 Machi 2025, umeidhinisha malipo ya mwaka ulioishia 31 Desemba 2024: gawio la 12% kwa hisa, na riba ya 8% kwa akiba. Akiba iliyowekwa katikati ya mwaka inahesabiwa kuanzia mwezi uliofuata. Mfano: shilingi 60,000 zilizowekwa Septemba zinapata riba ya miezi 3, yaani 1,200. Kodi ya zuio ya 5% itakatwa kabla ya malipo. Fedha zitaingia kwenye akaunti yako Ijumaa, 4 Aprili 2025. Anayetaka kubadilisha namba ya akaunti afike ofisini kabla ya Ijumaa, 28 Machi."

Furaha ya bodi nimeiondoa. Nafasi yake imechukuliwa na mfano, ambao una faida zaidi kwa msomaji. Siku ya juma nimeiweka makusudi: ikiandikwa pamoja na tarehe, kosa la uchapaji hugundulika mapema. Kama chama hukata madeni yaliyochelewa kabla ya kulipa, sentensi hiyo lazima iwemo, kwa sababu hakuna kinachomshtua mwanachama kama makato asiyoyajua.

Kabla ya kulituma, mpe mwanachama asiye kwenye bodi pamoja na kitabu chake, umwombe akokotoe malipo yake mwenyewe, kisha ulinganishe na orodha ya mhasibu. Akipata kiasi tofauti, mwombe akuonyeshe sentensi aliyoitumia. Hiyo ndiyo ya kurekebisha, na mara nyingi ni ile inayotaja asilimia bila kusema ni ya nini.